Mtoto Hasikilizi Darasani: Kikao cha Kwanza na Mzazi

Mzazi akiitwa shuleni, wazo la kwanza humjia kwamba mtoto kaharibu jambo. Wengine humchapa mtoto kabla hata ya kumwona mwalimu. Kwa hiyo mwalimu anayemwita mzazi kwa ajili ya mtoto asiyetulia aseme tangu kwenye ujumbe wenyewe: "Mama Baraka, mtoto hana kosa. Nataka unisaidie kumwelewa."

Asiende kikaoni mikono mitupu. Kwa wiki mbili kabla, aandike kwenye daftari anachokiona kwa macho: siku gani, kipindi gani, mtoto alifanya nini, na nini kilimrudisha kwenye kazi. Kumwambia mama "mwanao hasikilizi" hakumsaidii mtu. Lakini "Jumanne, hisabati, maswali kumi, alifanya matatu akaanza kuchungulia dirishani, nilipomgusa bega akafanya mawili mengine" ni jambo ambalo mzazi anaweza kulifikiria. Aandike pia saa ambazo mtoto anafanya vizuri, maana huko mara nyingi ndiko sababu inakojificha.

Tumchukue huyo Baraka tuliyemtungia jina, mwanafunzi wa darasa la tatu anayekaa dawati la nyuma. Daftari la mwalimu linaonyesha kwamba kazi ya kunakili ubaoni anaimaliza bila shida. Anapotea pale maelekezo yanapotolewa kwa mdomo, na siku aliyohamishiwa mbele alifuata somo mpaka mwisho.

Kikaoni mwalimu aanze na hilo zuri, kisha asome mambo machache aliyoandika, halafu anyamaze na kuuliza. Nyumbani yukoje? Ukimtuma vitu viwili dukani analeta vyote? Analala saa ngapi, na asubuhi anakunywa chai kabla ya kuondoka? Hali hii ilianza lini? Amewahi kuumwa masikio, kuanguka vibaya, au kulazwa?

Mama Baraka anajibu kwamba kumwita ni mpaka mara tatu, televisheni anaongeza sauti, na tangu mdogo sikio moja hutoa usaha, likikauka linarudi. Hapo mazungumzo yote yanageuka. Mtoto aliyeonekana mzembe huenda hasikii vizuri. Mwalimu anaweza kusimama nyuma yake umbali wa mkono, akamziba sikio moja na kumnong'oneza maneno mepesi ayarudie, kisha afanye hivyo kwa sikio la pili. Akishindwa, aende kituo cha afya. Hata akiweza, sikio linalotoa usaha lazima litazamwe na mhudumu wa afya. Mafuta ya moto au majani yasitiwe humo.

Si kila mtoto ni Baraka. Yupo anayetulia nyumbani na kuhangaika darasani tu. Huyo tumwangalie macho yake, lugha anayofundishiwa, uzito wa somo, na kama kuna wenzake wanaomwonea. Yupo anayeduwaa ghafla kwa sekunde chache, kope zikipepesa, asishtuke hata akiguswa, kisha akaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo yaweza kuwa aina ya kifafa isiyoangusha mtu, na mtoto huyo apelekwe hospitali mapema. Aliyezama kwenye mawazo, ukimgusa bega hurudi.

Na yupo ambaye nyumbani na shuleni ni yule yule, tangu mdogo, kwa zaidi ya miezi sita, kiasi cha kumkwamisha kuliko wenzake wa umri wake. Hapo ndipo tatizo la umakini lenyewe linapofikiriwa. Hata hivyo mwalimu asilitaje jina la ugonjwa wowote kikaoni. Si kazi yake kuupima, na jina likishatamkwa mtaani halifutiki. Aseme tu kwamba yale waliyoyaona wote wawili yanastahili kutazamwa na daktari.

Kabla ya kuagana wakubaliane mambo machache yanayowezekana. Shuleni, Baraka akae mbele na apewe agizo moja moja, alirudie kwa mdomo kabla ya kuanza. Nyumbani, alale mapema, maana mtoto wa umri wake anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Na mama ampeleke akaangaliwe sikio. Wapange kabisa tarehe ya kukutana tena, baada ya mwezi mmoja hivi, daftari likiwa mezani.

Ikifika kwenda hospitali kwa tatizo la umakini, mzazi aombe nakala ya daftari hilo aende nayo. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayolithibitisha. Daktari hutegemea sana maelezo ya nyumbani na ya shuleni.