Kazi za Nyumbani za Hisabati: Kuandika Swali Ambalo Shule Moja Inaweza Kulijibu

Rasimu nyingi za utafiti kuhusu kazi za nyumbani huanza na swali hili: "Je, kazi za nyumbani zina athari gani katika ufaulu wa hisabati kwa wanafunzi wa sekondari?" Msimamizi hulizungushia kalamu, akaandika pembeni "pana mno", akalirudisha. Mwalimu anayesomea shahada huku akifundisha hubaki akijiuliza alipunguze wapi. Wengi huongeza jina la wilaya mwishoni, na swali likabaki pana vilevile, ila sasa lina wilaya.

Tutunge mfano. Mwalimu wa hisabati yuko shule ya kata ya kutwa. Anafundisha Kidato cha Pili, mikondo A na B, kila mkondo wanafunzi 40 (walimu wengi watacheka hapo, maana wangetamani wawe 40 tu). Ana muda wa wiki nane na hana fedha ya kumlipa mtu. Atauliza nini?

Aanze na maneno "kazi za nyumbani", kwa sababu ndani yake mna vitu kadhaa visivyokwenda pamoja. Kuna mara ngapi kwa wiki mwalimu anatoa kazi, kuna wingi wa maswali, kuna dakika ambazo mwanafunzi anakaa nayo, na kuna kama aliifanya mwenyewe au aliidesa asubuhi kwenye dawati la mwenzake. Ulrich Trautwein, mtafiti wa Ujerumani, alionyesha mwaka 2007 kwamba tofauti hizo zina uzito. Katika takwimu zake, kupewa kazi mara kwa mara kulikwenda sambamba na matokeo mazuri ya hisabati, lakini kutumia muda mrefu kwenye kazi hizo hakukuleta picha hiyo. Sababu haihitaji mtaalamu. Anayeelewa somo humaliza maswali matano kwa robo saa, na asiyeelewa huhangaika nayo mpaka usiku. Ukipima kwa dakika, utaona wanaokaa sana na vitabu wanapata alama ndogo, kisha utaandika kwamba kazi za nyumbani zinadhuru, wakati ulichopima ni ugumu wa somo kwa mtoto huyo.

Mwalimu wetu basi anaziacha dakika. Anachagua kipengele anachoweza kukitawala mwenyewe, nacho ni mara ngapi kazi inatolewa. Hapo kuna mtego mwingine. Akilipa kundi moja kazi mara nne kwa wiki na jingine mara moja, kundi la kwanza litafanya maswali mengi zaidi. Likishinda, hatajua kama limeshinda kwa sababu ya kufanya mara kwa mara au kwa sababu ya wingi. Njia ya kutoka ni kufanya wingi uwe sawa: kila mwanafunzi anafanya maswali 20 kwa wiki, yaleyale. Kundi la kwanza linapewa matano matano kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Kundi la pili linapewa yote 20 Alhamisi jioni. Kila asubuhi daftari linapigwa muhuri tu bila kusahihishwa, na majibu yote yanafanyiwa kazi ubaoni Ijumaa, mbele ya makundi yote mawili. Angekuwa anasahihisha kila siku, kundi la kwanza lingekuwa linapata maelezo mara nne, na swali lingekuwa limegeuka bila yeye kujua.

Neno la pili la kushika ni "ufaulu". Kishawishi ni kutumia madaraja, kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi ya taaluma. Lakini katika mfumo wa Baraza la Mitihani la Tanzania, D ni kuanzia 30 hadi 44. Mwanafunzi aliyetoka alama 31 akafika 44 amepiga hatua kubwa, na daraja linasema hakusogea. Aliyetoka 44 akafika 45 amepata C. Kwa utafiti mdogo unaotafuta tofauti ndogo, ni afadhali kubaki na alama zenyewe, kutoka jaribio moja lenye alama 100, lililotungwa kwa mada zilezile zilizofundishwa katika wiki hizo nane. Jaribio la kuanzia lifanyike kabla ya wiki ya kwanza, kwa mada zinazohitajika ili kuzielewa hizo mpya.

Sasa swali linaweza kuandikwa upya: "Je, baada ya wiki nane, wastani wa alama za jaribio la hisabati unatofautiana kati ya wanafunzi wa Kidato cha Pili waliofanya maswali 20 ya nyumbani kwa kugawanywa siku nne na waliofanya maswali hayohayo kwa siku moja, ukizingatia alama zao za kuanzia?" Ni refu, lakini kila kipande chake kina safu yake katika karatasi ya kukusanyia takwimu: kundi, alama za mwanzo, alama za mwisho. Hicho ni kipimo kizuri cha swali la utafiti. Chora jedwali tupu. Neno lolote la swali lisilopata safu, ama lifutwe au litafutiwe namna ya kupimwa.

Nani aingie kundi lipi? Jambo rahisi ni mkondo A uwe kundi moja na B jingine, na ndivyo tafiti nyingi ndogo zinavyofanya. Mimi nalipinga. Mikondo ina tabia zake: mmoja una kipindi cha hisabati asubuhi, mwingine saa nane mchana wakati wa njaa, huenda mmoja una kiranja mkali. Tofauti hizo zikichanganyika na kazi za nyumbani, hakuna hesabu itakayozitenganisha baadaye. Bora apige kura ndani ya kila mkondo, wanafunzi 20 huku na 20 kule, makaratasi yakitolewa kwenye boksi. Hasara yake ni kwamba majirani wa dawati watapeana majibu. Lakini kupeana majibu mara nyingi huyafanya makundi yafanane, yaani huficha tofauti badala ya kuitengeneza. Tena kura ndiyo inayompa mwalimu haki ya kutumia neno "athari". Bila kura, neno lake ni "uhusiano". Hata uchambuzi maarufu wa Harris Cooper na wenzake wa Marekani wa mwaka 2006, uliokusanya tafiti nyingi na kuona kwamba kazi za nyumbani na ufaulu vinakwenda pamoja zaidi kwa wanafunzi wa madarasa ya juu kuliko wa madarasa ya chini, ulikuwa na tahadhari hiyo, kwa kuwa tafiti nyingi ulizozitumia zilikuwa za uhusiano.

Baada ya swali, nadharia tete. Hii ni kauli inayoandikwa kabla ya takwimu kukusanywa, nayo lazima iwezekane kushindwa. "Kazi za nyumbani ni muhimu kwa wanafunzi" haiwezi kushindwa, kwa hiyo haifai. Zinaandikwa mbili. Nadharia tete sifuri inasema hakuna tofauti ya wastani kati ya makundi mawili. Nadharia tete mbadala inasema tofauti ipo. Je, aseme pia kundi lipi litashinda? Ana sababu ya kuotea: Doug Rohrer na Kelli Taylor walionyesha mwaka 2006 kwamba mazoezi ya hisabati yaliyotenganishwa kwa siku hukumbukwa vizuri zaidi wiki nne baadaye kuliko yaliyofanywa kwa mkupuo. Hata hivyo, ningemshauri asitaje upande. Inawezekana maswali 20 ya pamoja yakampa mwanafunzi wa kutwa jioni moja ya kukaa na somo, huku ile ya kila siku ikiishia kwenye daladala. Kauli isiyotaja upande inaacha nafasi ya kuliona hilo.

Kisha aandike mapema atatumia kipimo gani cha kukataa nadharia tete sifuri. Kawaida ni 0.05, mpaka uliozoeleka tangu vitabu vya R. A. Fisher vya miaka ya 1920. Maana yake ni kwamba kama kwa kweli hakuna tofauti, atakosea kwa kudai ipo mara 5 katika kila mara 100. Akianza kupima wasichana peke yao, kisha wavulana, kisha wanaokaa mbali, kisha mada moja moja, nafasi ya kukosea inapanda haraka. Kwa vipimo 20 vya aina hiyo, kwa wastani kimoja kitang'aa kwa bahati tu. Ndiyo maana nadharia tete moja au mbili zinamtosha.

Aangalie pia kama wanafunzi 80 wanatosha. Tuseme karibu theluthi mbili yao wako ndani ya alama 15 juu au chini ya wastani. Kwa makundi ya 40 na 40, tofauti iliyo chini ya alama 7 hivi haitavuka mpaka wa 0.05. Hapo ndipo jaribio la kuanzia linapolipa. Kama alama za mwanzo zinaendana vya kutosha na za mwisho, mpaka huo unashuka hadi alama 5 hivi. Akijua hilo mapema, hatatunga nadharia tete inayohitaji kuona tofauti ya alama 2.

Swali la pili linaweza kuwa la uhusiano: je, idadi ya kazi ambazo mwanafunzi alizifanya mwenyewe inaendana na alama zake? Hapa ugumu uko kwenye neno "mwenyewe", na muhuri hautasaidia. Madaftari husema zaidi. Katika 3(x − 2) = 12, ukikuta wanafunzi wanane wameandika x = 14/3, usiwashuku. Wote wamesahau kuzidisha 2 kwa 3, kosa la kawaida kabisa. Ukikuta watatu wana x = 41/3, mmoja aligeuza tarakimu na wawili wakamfuata.

Swali la tatu, kwa nini baadhi hawamalizi kazi, halihitaji nadharia tete. Linahitaji mazungumzo na wanafunzi sita au saba. Ile desturi ya kulazimisha kila swali liwe na nadharia tete yake inajaza kurasa tu.

Na kama mwishoni kundi la siku nne limepata alama 3 zaidi? Nadharia tete sifuri haijakataliwa, lakini haijathibitishwa pia. Kuandika "kugawanya kazi hakuna athari" ni kosa. Kwa hesabu za mfano wetu, takwimu hizo zinakubaliana na faida ya karibu alama 8, na pia na hasara ya karibu alama 2. Sentensi ya sura ya matokeo itaje namba hizo tatu, 3, 8 na 2, ili mwalimu wa shule ya jirani anayetaka kurudia kwa wanafunzi 200 ajue aanzie wapi.