Andika kwenye hati mahali muziki unapopaswa kushuka

Wanaoandaa vipindi vya redio pamoja na familia zilizohamishwa mara nyingi hugawana kazi. Mmoja huandika hati ya msimulizi akiwa Fungurume, katikati ya watu wanaohusika. Mwingine, fundi wa sauti, huunganisha sauti, muziki na milio akiwa Kolwezi au Lubumbashi. Fundi huyo hapokei ila sauti zilizorekodiwa na karatasi. Kama karatasi imeandikwa "muziki" tu, ataamua mwenyewe uanze wapi na ushuke lini, na hajui ni sentensi gani ambayo watu wanaingoja.

Katika lugha yetu jambo hili lina hatari yake ya pekee. Kiswahili mara nyingi huweka ukanushi mwanzoni kabisa mwa neno. "Hamtafukuzwa" na "mtafukuzwa" zinatofautiana kwa silabi moja, nayo ndiyo ya kwanza kutamkwa. Muziki ukiwa bado juu msimulizi anapofungua kinywa, silabi hiyo ndiyo inayofunikwa. Msikilizaji aliyekaa uani, redio ndogo ikiwa juu ya dirisha, atasikia kinyume cha kilichosemwa, na redio hairudii. Kwa hiyo alama ya kushusha muziki isiandikwe kando ya neno la kwanza. Iandikwe kabla yake, na iseme kwamba muziki uwe umekwisha kushuka nusu sekunde au sekunde nzima kabla neno halijaanza.

Mwandishi na fundi wakubaliane kwanza juu ya maneno machache, na wasiyabadilishe. Sisi tunatumia INGIA (sauti inaanza), SHUKA (inaendelea chini ya msimulizi), PANDA (inarudi juu), TOKA (inafifia mpaka kimya) na KATA (inakoma ghafla). Kila alama itaje jina la faili, neno ambalo inafuata au kutangulia, na muda wake kwa sekunde. Andika alama kwa herufi kubwa, kwenye mstari wake peke yake, ili msimulizi asije akaisoma hewani.

Tuchukue kipande cha hati juu ya familia zilizoondoka mashambani na kijiji kinachozipokea:

MUZIKI: gitaa-01. INGIA kwa sauti kamili, sekunde 6. SHUKA kwa sekunde 2. Uwe umeshuka sekunde 1 kabla ya "Familia".

MSIMULIZI: Familia hizi zililima mahindi na mihogo kwa miaka mingi. Shamba lilipoingia katika eneo la mgodi, walihama.

MUZIKI: TOKA kwa sekunde 3, uanze kufifia kwenye "Shamba".

MLIO: lori-02, lori zito linapita barabarani. INGIA baada ya "walihama", sekunde 4, kisha TOKA. Msimulizi asubiri kimya.

MSIMULIZI: Hamtafukuzwa hapa, alisema mkuu wa kijiji. Alhamisi, saa tatu asubuhi, wajumbe wa pande zote mbili watakutana kwenye uwanja wa shule.

KIMYA: hakuna muziki wala mlio chini ya sentensi hizi mbili.

MUZIKI: gitaa-01. Subiri sekunde 1 baada ya "shule". INGIA chini, PANDA kwa sekunde 3.

Muziki unatoka kabla ya lori kwa sababu sauti mbili zinazopishana humchosha msikilizaji. Lori halielezwi, kwa kuwa anayeishi kando ya barabara ya Likasi na Kolwezi analitambua mara moja. Ahadi ya mkuu wa kijiji pamoja na siku na saa ya mkutano havina kitu chochote chini yake. Neno KIMYA limeandikwa makusudi: fundi akiona nafasi tupu kwenye karatasi atadhani imesahauliwa, naye ataijaza. Ile sekunde 1 baada ya "shule" nayo ina kazi. Muziki unaoruka juu mara tu baada ya jina la mtu au ya ahadi husikika kama hukumu, ya sifa au ya dhihaka, na upande mmoja utaona kwamba kipindi kimeupendelea mwingine.

Mwandishi asijaribu kupanga kiwango cha muziki kwa namba halisi. Inatosha aseme "chini ya sauti", na fundi ajue maana yake. Kwa kawaida muziki hukaa desibeli 15 hadi 20 chini ya msimulizi. Gitaa linalopiga nyimbo ya juu liko karibu na sauti ya mtu, kwa hiyo lishushwe zaidi kuliko ngoma nzito, ambayo spika ndogo ya simu karibu haiitoi kabisa. Wimbo wenye maneno tunaukataa chini ya msimulizi, hata ukishushwa sana, maana sikio huyafuata maneno ya wote wawili. Jaribio ni rahisi: msikilizisheni mtu ambaye hajaisoma hati, kwenye redio ndogo au simu, nje ya nyumba, kisha mwambie arudie siku, saa na mahali. Akikosea kimoja, tazameni kwanza muziki uliopo chini ya neno hilo.

Mafundi wengi hutumia programu ya Audacity, ambayo ina amri ya Auto Duck. Amri hiyo hushusha muziki yenyewe kila sauti ya msimulizi inapoanza, na kiwango chake cha kuanzia ni desibeli 12. Kwa msimulizi anayesoma mfululizo inafaa, ingawa desibeli 12 mara nyingi ni chache. Kwa shahidi haifai. Isipobadilishwa, hurudisha muziki juu mtu akinyamaza zaidi ya sekunde 1. Mama anayeeleza jinsi alivyoacha nyumba yake hunyamaza sekunde 3 au 4, na muziki utaruka juu ya kimya chake kama kwamba amemaliza. Kwenye ushuhuda andika: "Bila Auto Duck. Kimya chake kiachwe."

Milio inahitaji uangalifu kuliko muziki, na hapa mwandishi anajua kuliko fundi. Mwaka 2019 jeshi lilipelekwa kuwaondoa wachimbaji wa mikono katika eneo la mgodi wa Tenke Fungurume. Mlio wa risasi ndani ya kipindi, katika mji huo, unaweza kumfanya mtu abebe watoto na kukimbia kabla hajajua kwamba ni redio. Usiuandike, msimulizi aseme tu kwamba risasi zilisikika. Mlipuko wa kupasua mwamba nao una shida hiyohiyo.

Treni ni jambo lenye pande mbili. Kwa wengine ni mlio wa safari na biashara. Kwa familia zilizotoka Kasai ni kumbukumbu ya miaka ya 1992 na 1993, walipofukuzwa Katanga na maelfu wakangojea treni kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi. Kama hadithi inaihitaji, msimulizi aitaje kwanza, kisha mlio ufuate, hivi: "MLIO: treni-01, ya mbali. INGIA baada ya 'stesheni', chini tangu mwanzo, sekunde 3, TOKA. Usipande." Maneno "usipande" yasiachwe, kwa sababu fundi asiyeijua historia hiyo atataka kuusogeza karibu ili upendeze. Karatasi ikishakamilika, isomwe mbele ya mzee mmoja wa kila upande kabla ya kupelekwa kwa fundi, pamoja na mistari ya milio.