Kazi Isiyo na Jaribio

Programu ya simu ya chama cha akiba na mikopo inakaribia kuzinduliwa. Majaribio 40 yameandikwa, yameendeshwa, na yote yamepita. Muulize mtu yeyote kwenye timu: hayo 40 yanahusu kazi zipi? Mara nyingi utajibiwa kwa kukuna kichwa. Huenda 25 ni ya kuingia kwa nywila tu, na hesabu ya riba haina hata moja.

Dawa yake ni kuunganisha. Kila kazi ya kutengeneza programu huwa na namba, tuseme MK-14, na anayeandika jaribio anaitaja namba hiyo ndani ya jaribio lenyewe. Katika TestRail kuna sehemu ya `References`. Katika Azure DevOps kiungo huitwa `Tested By`. Timu ndogo inaweza kutumia jedwali la safu mbili, kazi upande huu na jaribio upande ule. Ila iandikwe namba, si jina, maana majina ya kazi hubadilishwa kila wiki.

Kusoma ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu huanza na orodha ya majaribio. Kazi isiyo na jaribio haimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo hutaiona ng'o. Anza na kazi zote, kisha uliza ipi haina mwenzake:

```sql
SELECT k.namba, k.jina
FROM kazi k
LEFT JOIN viungo v ON v.kazi = k.namba
WHERE v.jaribio IS NULL;
```

`LEFT JOIN` huzibakiza kazi zote hata zile zisizo na kiungo, na mstari wa mwisho hubakiza hizo tu.

Tuseme zimetoka nne. MK-9 ni kuhamisha seva, haina kipengele cha mwanachama kujaribu; iwekewe alama ili isijitokeze tena. MK-21 bado haijaanza. Zinabaki MK-17, ripoti ya wadaiwa, na MK-18, tozo ya kuchelewa kulipa. Hizi mbili zimekamilika na zinakwenda kwa wanachama bila mtu kuzijaribu. Usipochuja hivi, orodha inajaa mambo yasiyo na maana, watu wanaizoea, na siku MK-18 inapoingia humo hakuna anayeshtuka.

Lakini hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imo katika kazi ambazo hazikutokea kwenye orodha kabisa. Chukua MK-14, "Mwanachama aombe mkopo". Ina majaribio manne, yote yamepita, na jedwali linaonyesha kijani. Ifungue usome masharti yake: mkopo usizidi mara tatu ya akiba, wawepo wadhamini wawili, mwenye deni akataliwe. Sasa yafungue majaribio. La kwanza, akiba 100,000 anaomba 200,000. La pili, anaomba 300,000 kamili. La tatu, anaomba 300,001 na kukataliwa. La nne, hana akiba kabisa. Ni majaribio mazuri, hasa yale mawili ya mpakani, ila yote yanahusu sharti la kwanza. Wadhamini na deni la zamani havijaguswa.

Kiungo kilifungwa kwenye kazi nzima ilhali ahadi zimo ndani ya masharti. Yape masharti namba zake, MK-14a, b na c, na majaribio yaunganishwe huko. Endesha swali lilelile juu ya masharti: b na c zinajitokeza papo hapo.

Wapo watakaosema wana kipimo kingine, kile kinachoonyesha asilimia ya mistari ya msimbo iliyopitiwa na majaribio. Kipimo hicho kina kazi yake, lakini huhesabu mistari iliyopo. Kama mwandishi wa programu alisahau kabisa kuandika ukaguzi wa wadhamini, hakuna mstari wa kupitia, na asilimia inaweza kufika 100 huku mkopo ukitolewa bila mdhamini hata mmoja. Orodha ya masharti ndiyo inayojua kwamba kitu fulani kilitakiwa kuwepo.

Kuwa na jaribio pia si sawa na kuliendesha. Xray, programu-jalizi ya Jira, hutenganisha `UNCOVERED`, yaani hakuna jaribio lililounganishwa, na `NOTRUN`, yaani lipo lakini halijaendeshwa. La kwanza linamhitaji mtu wa kuandika. La pili linahitaji muda tu. Ukiyachanganya utamtuma mtu kuandika upya jaribio lililokuwepo.

Kisha sharti linaweza kubadilika. Uongozi ukishusha kiwango kutoka mara tatu hadi mara mbili, na mwandishi wa programu akasahau kukibadilisha, jaribio la 300,000 litaendelea kupita na jedwali litabaki kijani kwa sheria iliyokwisha futwa. Kwa hiyo kila MK-14a inapohaririwa, fuata viungo vyake na urudishe majaribio yote manne kwenye hali ya kusubiri, hadi mtu ayasome tena mbele ya sharti jipya.