HRW 2009 ni gani? Jinsi ya kutaja shirika lenye ripoti nyingi

Wandugu, siku nilipotetea kazi yangu ya mwisho, mwalimu mmoja wa juri alifungua ukurasa fulani, akaweka kidole kwenye mabano, akauliza: "Hii HRW 2009 ni gani? Niko naona mbili kwenye orodha." Nilinyamaza. Niliandika juu ya mashambulio kwa raia katika Kivu, na kweli ripoti zilikuwa mbili. Nilikuwa nimesahau sentensi ile niliitoa katika ripoti gani. Kosa lilionekana dogo, lakini lilifanya hoja yangu isiweze kuhakikishwa. Leo ninaeleza namna ningepaswa kufanya, kwa kufuata APA toleo la 7, ambayo wengi wetu tunaombwa kutumia.

Human Rights Watch walitoa juu ya Kongo *The Curse of Gold* mwaka wa 2005, ripoti ya zahabu ya Ituri. Mwaka wa 2009 walitoa *Soldiers Who Rape, Commanders Who Condone* mwezi wa saba, na *You Will Be Punished* mwezi wa kumi na mbili. Mwandishi ni shirika lenyewe. Basi jina la shirika ndilo linashika nafasi ya jina la mtu.

Mara ya kwanza katika maandishi, unaandika jina lote, na kifupi ndani ya mabano ya pembe. Kisha unatumia kifupi peke yake:

```
(Human Rights Watch [HRW], 2005)
(HRW, 2009b)
```

Kama jina liko ndani ya sentensi yenyewe, kifupi kinaingia pamoja na mwaka:

```
Human Rights Watch (HRW, 2005)
```

Kama shirika linatajwa mara moja ao mbili tu, acha kifupi; andika jina lote. Na katika orodha ya mwisho, jina linabaki lote, bila kifupi. Juu ya nini? Msomaji anatafuta kwa alfabeti: akikuta HRW katika maandishi, anarudi pale ulipokieleza mara ya kwanza, kisha anaenda kwenye Human.

Sasa herufi a na b zinatoka wapi? Mimi nilidhani zinafuata utaratibu wa kutaja: unayoitaja kwanza ndiyo a. Hapana. Kwa ripoti za mwandishi mmoja, mwaka mmoja, zilizoandikwa kwa mwaka tu, herufi inafuata alfabeti ya vichwa vyao katika orodha. S ya *Soldiers* inatangulia Y ya *You*. Kwa hiyo ya kwanza ni 2009a, ya pili 2009b. Hapa miezi inakubaliana na alfabeti, lakini ni bahati tu. Na kama kichwa kinaanza na *The* ao *A*, unaruka neno hilo, unaangalia linalofuata.

Ukisema jambo moja ambalo ripoti zote tatu zinaunga mkono, usirudie jina mara tatu. Jina mara moja, miaka kwa mfuatano, mikato katikati. Shirika lingine likiingia, nukta-mkato ndiyo inatenganisha:

```
(HRW, 2005, 2009a, 2009b; MSF, 2015)
```

Mashirika yenyewe yanafuata alfabeti. Lakini angalia: mabano ya namna hii yanafaa kwa wazo la jumla. Kama unatoa hesabu, ao maneno ya shahidi, taja ripoti ile moja tu, pamoja na ukurasa. Hapo ndipo mimi nilianguka: sentensi yangu juu ya raia wa Kivu ilitoka katika 2009b.

Wenye kutumia Zotero, kuna mtego. Programu inaweza kudhani shirika ni mtu, na orodha yako inatoa hivi:

```
Watch, H. R. (2009)
```

Ukiona hivyo, rudi kwenye kisanduku cha mwandishi, bonyeza alama ndogo kando ya jina inayounganisha visanduku viwili kuwa kimoja, na uandike jina lote pale. Zotero inaweka a na b yenyewe. Lakini kama uliziandika kwa mkono, kisha ukaongeza ripoti ya tatu ya 2009, herufi zinaweza kusogea: b ya jana inakuwa c leo. Kwa hiyo, kabla ya kuchapa, tafuta kila "2009" katika kazi nzima, na ulinganishe moja moja na orodha.

Kwangu kulikuwa na sehemu kumi na moja. Mwalimu alinipa wiki mbili za kusahihisha. Kazi yenyewe ilichukua asubuhi moja.