Choo cha Kuning'inia: Vipimo Huanzia Sakafu Ambayo Bado Haipo

Mgeni akiingia msalani akakuta bakuli la choo limeshika ukuta na chini yake pako wazi, husita kidogo kabla ya kukaa. Hofu yake ni moja: hiki kitanibeba kweli? Kikifungwa sawasawa kitambeba, tena bila kutikisika. Kiwango cha Ulaya cha EN 997 kinataka choo cha aina hii kistahimili mzigo wa kilo 400. Fundi anayekifunga hapotezi usingizi kwa sababu ya uzito. Kinachomsumbua ni urefu, kwa sababu ukikosea kimo cha choo cha kuning'inia, kosa linafunikwa na marumaru na kulirekebisha ni kubomoa ukuta.

Kwanza tuone kinachobeba. Nyuma ya marumaru imesimama fremu ya chuma, upana wake kama sentimita 50 na kimo chake kwa kawaida kama sentimita 112. Miguu yake miwili imefungwa kwa boliti kwenye zege la sakafu, na juu imeshikwa na mikono miwili iliyokaza kwenye ukuta wa nyuma. Ndani ya fremu limo tangi jembamba la plastiki lenye unene wa sentimita 12 hivi. Chini ya tangi zinachomoza boliti mbili nene za milimita 12, na hizo ndizo zinazoshika bakuli. Mtu akikaa, boliti huvutwa kuja mbele, na sehemu ya chini ya bakuli husukuma ukuta kurudi nyuma. Kwa hiyo miguu ya fremu haifungwi kwenye saruji laini ya kusawazishia sakafu wala juu ya marumaru. Hufungwa kwenye zege lenyewe, na fundi akiona drili inazama kama inatoboa unga, ahame hapo au aimarishe zege kwanza.

Sasa tuje kwenye kimo. Fremu hufungwa mapema, wakati msala bado ni zege tupu, ilhali mtu atakaa juu ya choo miguu yake ikiwa imekanyaga marumaru. Vipimo vyote kwenye karatasi ya kiwanda huhesabiwa kutoka juu ya marumaru, yaani kutoka kwenye sakafu ambayo siku hiyo haipo. Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa mkono umezoea kuweka mita chini pale miguu iliposimama.

Tuchukue msala mmoja katika ghorofa la Dar es Salaam. Juu ya zege itamwagwa saruji ya kusawazisha ya sentimita 4, kisha gundi na marumaru vitachukua sentimita 1.5. Jumla ni sentimita 5.5. Fundi mzoefu hagusi fremu kabla ya kupiga mstari mmoja kuzunguka kuta zote, mita 1 juu ya sakafu itakayokuwepo. Kutoka kwenye zege, mstari huo uko sentimita 105.5. Anaupiga kwa bomba la maji au kwa mashine ya leza, kwa sababu zege lenyewe mara nyingi limeinama upande mmoja, na kupima kutoka chini kila kona kungeleta mistari minne tofauti.

Fremu nyingi za kisasa zimechongwa alama ya mita 1 ubavuni. Fundi huivuta miguu, ambayo kwenye fremu nyingi hurefuka hadi sentimita 20, mpaka alama hiyo ilingane na mstari wa ukutani. Kisha anaweka pimamaji juu ya fremu, anaiweka tena ubavuni, ndipo anakaza. Alama ikilingana, mengine yote hukaa mahali pake: kitovu cha bomba la majitaka sentimita 22 juu ya marumaru, boliti mbili kwenye sentimita 32, na tundu la maji ya kufulashi kwenye sentimita 35.5. Bakuli la kawaida likifungwa hapo, ukingo wake wa juu hufika kama sentimita 40.

Fundi aliyepima kutoka kwenye zege angetuletea choo kilekile chenye ukingo wa sentimita 34.5. Kijana hatajali sana, lakini mzee mwenye maumivu ya magoti atahitaji mtu wa kumwinua. Ukifika msalani fremu ikiwa imesimama na ukuta bado wazi, muulize fundi swali moja tu: sakafu yako iko wapi? Akikuonyesha mstari ukutani, yuko sawa. Akikuonyesha chini, mwambie asimame kwanza.

Kimo hicho pia si amri kwa kila nyumba. Mabakuli hayafanani, hivyo ni vizuri bakuli lenyewe liwepo msalani kabla fremu haijakazwa, lipimwe kutoka kwenye matundu ya boliti hadi ukingoni. Ukubali pia kuangalia nani atakitumia. Kwa mtu anayehama kutoka kiti cha magurudumu, kiwango cha Ujerumani kinataka mahali pa kukalia pawe kati ya sentimita 46 na 48. Fremu inaruhusu kupandisha, lakini inaruhusu siku hiyo tu. Mwulize mwenye kupima nafasi kati ya boliti pia: mabakuli mengi hutaka sentimita 18, machache sentimita 23, na fremu nyingi zina matundu ya vipimo vyote viwili.

Kabla ukuta haujafungwa kuna jambo ambalo karatasi za viwanda vya Ulaya hazilitaji, nalo kwetu ni la lazima: shatafu. Kwenye choo cha kawaida fundi hutoa tawi la shatafu kwenye koki ya tangi iliyo nje. Kwenye choo cha kuning'inia koki hiyo iko ndani ya tangi, nyuma ya ukuta, na hakuna pa kuchomeka. Bomba la nusu inchi la shatafu lazima litengwe mapema, lipandishwe ndani ya ukuta na kutokeza pembeni mwa bakuli, upande wa mkono utakaolishika, likiwa na koki yake. Asiyelikumbuka atalikumbuka marumaru zikiwa zimekauka.

Bomba la majitaka linatoka kwenye bakuli likiwa la milimita 90 na kuunganishwa kwa kiungo maalumu na bomba letu la inchi 4. Likate kona moja tu ikiwezekana, literemke kama sentimita 2 kwa kila mita, na kiwiko cha fremu kikazwe kwenye kibanio chake. Kiwiko kinachocheza kitasukumwa nyuma siku ya kupachika bakuli, na raba haitakaa vizuri.

Kisha lije jaribio. Tangi lijazwe na bomba lifungwe upya mara kadhaa, na kila kiungo kipitishwe karatasi ya msalani iliyo kavu. Karatasi huonyesha tone ambalo jicho halilioni. Ukiacha maji usiku kucha ukakuta karatasi kavu asubuhi, ndipo fundi wa marumaru aitwe. Ukuta wa mbele hufungwa kwa bodi ngumu za saruji au kwa matofali membamba. Eneo linaloegemewa na bakuli lijazwe gundi ya marumaru kote, bila mapovu ndani, kwani hapo ndipo bakuli linaposukuma. Marumaru yenye uwazi nyuma hupasuka, boliti zinalegea, na choo huanza kucheza. Kasha la plastiki linalozuia saruji kuingia kwenye dirisha la tangi lisiondolewe mpaka marumaru ziishe, ndipo likatwe usawa wa ukuta.

Bakuli hupachikwa mwisho. Mirija miwili, wa milimita 45 wa maji na wa milimita 90 wa majitaka, huchomekwa ukutani hadi mwisho na kutiwa alama ya kalamu usawa wa marumaru. Kisha huchomekwa kwenye bakuli na kutiwa alama usawa wa mgongo wake. Hukatwa kwa alama hizo, ncha husuguliwa zisikwaruze raba, na hupakwa sabuni ya maji. Mafuta ya mashine yasitumike, maana huharibu raba. Mrija ukiwa mfupi utavuja ndani ya ukuta usione, ukiwa mrefu utazuia bakuli kukaa na fundi atashawishika kulivuta kwa boliti. Kauri haivutwi, huvunjika. Kati ya bakuli na marumaru huwekwa mkeka mwembamba wa sponji ngumu unaouzwa pamoja na choo. Mkeka huo hujaza mawimbi ya marumaru. Nati hukazwa kwa zamu, kulia kidogo na kushoto kidogo. Silikoni ipakwe pembeni na juu, chini pabaki wazi, ili kiungo kikivuja maji yaonekane sakafuni badala ya kujificha.

Mwisho ni bamba la kufulashi lenye vitufe viwili, kikubwa kwa lita 6 na kidogo kwa lita 3. Kwenye matangi mengi kiwango cha kitufe kikubwa hubadilishwa ndani. Bamba hilo ndilo dirisha la matengenezo. Ukilibandua, unafikia koki, boya na kengele ya kufulashi, na vyote hutolewa kupitia tundu lile lile bila kuvunja hata kigae kimoja. Maji ya kisima yenye chumvi huziba chujio la boya, tangi likawa linajaa polepole. Likifunguliwa na kusuguliwa, hurudi kazini. Ukishuku linavuja kimyakimya ndani ya bakuli, tia rangi ya chakula kwenye tangi na usifulashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, raba ya kengele imechoka.

Wenye maji ya mgao wasihofu mno. Matangi mengi ya aina hii hujaa hata kwa mgandamizo mdogo wa bari 0.1, ambao ni sawa na mita 1 tu ya kimo cha maji, hivyo simtanki la juu ya paa linatosha.

Kabla ya ukuta kufungwa, piga picha ya fremu, mabomba na mita iliyosimamishwa kando yake, na uandike jina na namba ya tangi. Raba na boya huchakaa, na dukani utaulizwa namba hiyo. Usimlipe fundi bomba malipo yake ya mwisho mpaka umemwona akifulashi mbele yako na karatasi ikabaki kavu. Baada ya hapo ukuta ni wa fundi wa marumaru, na kilichofichwa humo hutakiona tena kwa miaka mingi.