Miaka Tisa Mezani, Dakika Mbili Kwenye Skrini

Mtazamaji wa filamu zetu anaijua vizuri ile skrini nyeusi. Msichana analia mlangoni, muziki unapanda, giza linaingia, halafu maandishi meupe: MIAKA MITANO BAADAYE. Mwanga ukirudi, msichana yuleyule anashuka kwenye gari na miwani ya jua usoni. Habari imefika, hakuna aliyechanganyikiwa. Ila ile miaka mitano hatukuiona ikipita. Tumeambiwa tu kwamba imepita, na ikabidi tukubali.

Waandaaji wa filamu wana njia mbili za siku nyingi za kuupitisha muda mbele ya macho yetu. Ya kwanza ni montaji, yaani vipande vifupi vilivyofuatanishwa ili jambo la miezi au miaka lionekane kwa dakika chache. Ya pili ni mkato wa kufananisha: picha inakatwa, na papo hapo inafuata nyingine inayofanana nayo kwa umbo, kwa mwendo au kwa mahali ilipokaa ndani ya fremu. Njia hizi mbili zinategemea jambo moja ambalo wengi hulisahau wakishashika kamera. Ili tuone kilichobadilika, lazima kiwepo ambacho hakikubadilika.

Mfano bora wa montaji ninaoujua hauna mambo mengi. Ni watu wawili wanaokula. Umo katika filamu ya Kimarekani ya *Citizen Kane* ya mwaka 1941, iliyoongozwa na Orson Welles, ambaye pia ndiye anayecheza kama Kane, tajiri mwenye gazeti. Takriban miaka tisa ya ndoa yake ya kwanza, tangu mahaba hadi ukimya, inapita kwa dakika mbili na kitu, yote mezani.

Kipande cha kwanza: wametoka kwenye sherehe za usiku kucha, yeye na mkewe Emily, wamekaa karibu, na maneno ni ya mahaba matupu. Picha inafagiwa upande kwa kasi, inakuwa ukungu wa mistari, na ikitulia wako mezani tena, nguo nyingine. Sasa Emily anauliza kwa utani kwa nini jana alimwacha akimngoja huku yeye yuko gazetini. Picha inafagiwa tena. Utani umekwisha, kuna lawama: gazeti la mume linamshambulia Rais wa nchi, na Rais huyo ni mjomba wake Emily. Kipande kinachofuata wanagombania zawadi ambayo mfanyakazi wa Kane amemletea mtoto wao. Hapo ndipo tunajua kuwa wana mtoto. Hatukuona mimba wala kuzaliwa. Katika cha tano Emily anaanza sentensi kuhusu watu watakavyofikiri, na Kane anaimalizia kwa ukali: watafikiri atakachowaambia yeye. Cha sita hakina neno. Kane anasoma gazeti lake. Emily naye anasoma, na kamera inatupa nafasi ya kuliona jina la gazeti aliloshika: ni la mpinzani wa mumewe. Kisha kamera inarudi nyuma, na kwa mara ya kwanza tunaona urefu wa meza iliyo kati yao.

Tazama walichokishikilia waandaaji: meza ileile, watu walewale, muda uleule wa siku, mtindo uleule wa kutoka kipande hadi kipande. Hata muziki wa Bernard Herrmann ni wimbo mmoja tu, unaogeuzwa sura kila mara, mwanzo laini na baadaye wenye wasiwasi. Kwa kuwa vyote hivyo vimetulia, jicho linakimbilia vichache vilivyosogea: nguo, umbali, sauti, gazeti. Welles mwenyewe alikiri kwamba wazo alilichota kwenye tamthilia ya Thornton Wilder ya mwaka 1931, ambamo familia inakula mlo mmoja wa Krismasi kwa miaka 90 bila pazia kushuka.

Sasa linganisha na montaji tunayoiona kila siku: kijana anauza maji barabarani, kijana anahesabu noti, magari ya mjini, kijana anasaini karatasi, kijana anapeana mkono na mzee mwenye suti. Juu yake umewekwa wimbo. Kila picha ina mahali pake na mwanga wake, na hakuna kinachojirudia. Tunaambulia kujua kwamba kijana ana shughuli nyingi, basi. Ukitaka kuipima montaji yako, zima sauti, mwite mtu asiyejua hadithi, kisha muulize ni muda gani umepita na nini kimemgeuka mhusika. Akijibu “amekuwa tajiri” bila kuweza kusema amekuwaje, wimbo ndio ulikuwa umebeba mzigo wote.

Mkato wa kufananisha ni mgumu zaidi, kwa sababu kazi yote inafanyika katika pigo moja. Katika filamu ya Kiingereza ya mwaka 1944, *A Canterbury Tale*, mwindaji wa zama za kale anamrusha kipanga na kumfuata kwa macho angani. Kipanga anageuka ndege ya kivita. Tunarudi kwa aliyekuwa akitazama juu: uso uleule, mwigizaji yuleyule, ila amevaa kofia ya askari wa wakati wa vita. Zaidi ya karne tano zimerukwa bila neno moja kuandikwa.

Lakini kufanana si lazima kuwe kwa umbo, na hapa ndipo *Lawrence of Arabia* ya David Lean, ya mwaka 1962, inapofundisha mengi. Lawrence yuko ofisini Kairo, ameshika njiti ya kiberiti inayowaka. Anaitazama, anaipuliza. Mkato. Upeo wa jangwa, anga jekundu, na baada ya muda jua linachomoza. Moto mdogo unazimwa, moto mkubwa unawashwa, na safari nzima kutoka mjini hadi jangwani imemezwa katikati.

Awali picha hizo mbili zilipangwa ziyeyukiane polepole, kama ilivyokuwa desturi. Lakini mchanganyiko wa namna hiyo ulifanywa maabara, na kabla haujafanywa, mhariri Anne V. Coates alikuwa amebandika vipande viwili vya filamu moja kwa moja. Yeye na Lean walipovitazama hivyo, waliona mkato mkavu una nguvu kuliko mpango wao. Lean alimwambia umekaribia kuwa kamili, akaufanye uwe kamili. Coates akaondoa fremu mbili upande wa kiberiti. Filamu hupita kwa fremu 24 kila sekunde, kwa hiyo tunazungumzia sehemu moja ya kumi na mbili ya sekunde.

Kwa anayehariri kwa simu au kompyuta, mkato wa namna hii huharibikia siku ya kupiga picha kabla ya kufika mezani. Tuseme unataka kutoka kwenye chapati inayozungushwa kikaangoni hadi usukani wa lori. Duara la kwanza likiwa katikati ya fremu na la pili likiwa kushoto na dogo, jicho litaruka kulitafuta, na muda huo mfupi wa kutafuta unatosha kuua kila kitu. Piga picha ya kwanza, nenda nayo kwenye lori, pima ukubwa na mahali, hakikisha vyote vinazunguka upande mmoja. Katika programu ya kuhariri weka picha ya pili juu ya ya kwanza, ipunguze uzito hadi nusu ionekane kama kioo, uisogeze mpaka maduara yalaliane. Kisha ukate wakati vyote viwili viko katika mwendo. Mwendo unaficha kasoro nyingi ambazo picha iliyosimama ingezianika.

Hata ukilingana hivyo, bado kuna swali ambalo programu haiwezi kulijibu. Kama chapati ni ya mama aliyelipia leseni ya udereva ya mwanawe kwa kikaango hicho, mkato umeunganisha mambo mawili. Kama ni duara na duara tu, mtazamaji atasema “safi” na sekunde inayofuata atakuwa ameusahau.