Namba iliyobadilika bila kuguswa

Mama mhasibu wa shule moja ya binafsi hapa Likasi, upande wa Kikula, alikuwa ameingia kwenye programu ya minervali tangu asubuhi. Nikamwomba afungue kiungo nilichomtumia. Ukatokea ukurasa mweupe, ukapepesa mara moja, na mahali pake pakaja programu yake ileile aliyoizoea. Alipotazama juu, namba ya simu ambayo wazazi hutumia kutuma pesa ilikuwa imegeuka sifuri kumi.

"Lakini papa, mimi sikugusa kitu," akasema.

Kweli hakugusa. Kivinjari chake ndicho kilichogusa. Bahati nzuri tulikuwa kwenye nakala ya majaribio yenye wanafunzi wa kubuni, na mkurugenzi alikuwa ametia saini barua ya ruhusa. Bila barua hiyo ningekuwa mwizi tu mwenye kompyuta.

Ukurasa wangu ulibeba mistari hii:

```html
<form action="https://minervali.example/namba" method="POST">
  <input type="hidden" name="namba" value="0000000000">
</form>
<script>document.forms[0].submit()</script>
```

Ni fomu iliyofichwa inayojituma yenyewe. Shambulio hili huitwa CSRF, yaani ombi la kughushi linaloanzia tovuti nyingine. Ili kulielewa, mfikirie mtoto anayetumwa dukani kuchukua unga kwa deni la baba. Mwenye duka anamjua mtoto kwa sura, anampa unga na kuandika daftarini. Sasa jirani mjanja akimwita mtoto yuleyule barabarani na kumwambia, "Kachukue na sukari kilo mbili," mwenye duka ataona sura ileile na atatoa. Sura ya mtoto ni kuki: kipande kidogo cha data ambacho seva humpa mtu akishaingia, na ambacho kivinjari hukipeleka kila kinapokwenda kwenye seva hiyo. Kuki inaiambia seva ni nani amekuja. Haiiambii ni nani aliyemtuma.

Msidhani ni mchezo wa programu ndogo za mitaani. Mwaka 2008 Bill Zeller na Ed Felten wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba pesa za mteja wa benki ya ING Direct zingeweza kuhamishwa kwa njia hii. Benki ilikuwa na hatua kadhaa kabla ya pesa kutoka, lakini hazikusaidia, kwa sababu kila hatua ilikuwa ombi jingine ambalo nalo liliweza kughushiwa. Benki ilirekebisha kasoro hiyo kabla hawajaitangaza.

Dawa ya kwanza ni tokeni. Seva inapomwonyesha mhasibu fomu, huweka ndani yake neno refu la kubahatisha, na huliandika pia kwenye kumbukumbu ya kikao chake. Fomu ikirudi, seva hulinganisha. Nguvu yake inatokana na jambo moja ambalo wengi hulipita haraka: ukurasa wa mshambuliaji unaweza kukilazimisha kivinjari *kutuma* ombi kwenye tovuti nyingine, lakini kivinjari hakiuruhusu *kusoma* jibu linalorudi. Basi jirani anaweza kumtuma mtoto, ila hawezi kuiona karatasi ambayo baba ameiandika leo asubuhi kwa alama ya siri. (Kama mshambuliaji amefaulu kupenyeza hati yake ndani ya tovuti yenyewe, ataisoma hiyo tokeni bila shida. Hilo ni tatizo jingine, na tokeni hailiwezi.)

Fundi wa programu aliongeza tokeni siku hiyohiyo. Nikaituma fomu yangu bila tokeni: ikakataliwa. Nikaituma na tokeni tupu: ikakataliwa. Wapimaji wengi huishia hapo. Mimi niliingia kwa akaunti ya pili, ya katibu, nikanakili tokeni iliyokuwa kwenye fomu yake, nikaibandika kwenye ukurasa wangu wa kughushi, na mama mhasibu akaufungua. Namba ikabadilika tena! Fundi alikuwa anauliza tu, "Je, tokeni hii tuliitoa sisi?" Hakuuliza, "Tulimpa nani?" Kwa hiyo yeyote mwenye akaunti, hata mzazi, angetumia tokeni yake halali kumghushia mhasibu. Ilibidi tokeni ifungwe kwenye kikao cha mtu mmoja.

Dawa ya pili iko kwenye kuki yenyewe:

```
Set-Cookie: kikao=...; Secure; HttpOnly; SameSite=Lax
```

Neno `Lax` linakiambia kivinjari kisibebe kuki hii kwenye ombi lililoanzia tovuti nyingine, isipokuwa mtu amefuata kiungo cha kawaida kuja kusoma ukurasa, yaani ombi la `GET` linalobadilisha ukurasa mzima. `Strict` inakataza hata hilo, na mtu akija kwa kiungo kutoka kwenye barua pepe ataonekana kama hajaingia. `Lax` inatosha, mradi hakuna jambo linaloweza kubadilishwa kwa `GET`. Tulikuta kiungo cha kufuta risiti kinachofanya kazi kwa `GET`, na `Lax` haikukizuia hata kidogo.

Hapa ndipo nilipokaribia kuandika uongo kwenye ripoti. Siku moja kabla ya kukaa na mama mhasibu, kuki ikiwa bado haijawekewa `SameSite` yoyote, nilikuwa nimejaribu kwenye Chrome yangu. Mara ya kwanza shambulio lilipita. Nikanywa chai, nikarudia, likakwama. Sikuwa nimebadilisha kitu. Sababu ni kwamba tangu 2020 Chrome huichukulia kuki isiyo na `SameSite` kana kwamba ni `Lax`, lakini kwa dakika 2 za kwanza baada ya kuki kutolewa huiruhusu iende na `POST` kutoka tovuti nyingine, ili isivunje mifumo ya zamani ya kuingia. Chai yangu ilikuwa imezidi dakika hizo. Mama mhasibu anatumia Firefox, ambayo haiweki `Lax` yenyewe, ndiyo maana kwake lilipita hata baada ya saa nyingi. Ningepima kwa Chrome peke yake, baada ya chai, ningesema programu ni salama.

Mtego mwingine: tulipokwisha kuweka `Lax`, fundi aliizima tokeni ili aipime `Lax` peke yake, akajaribu kwenye mashine yake, programu ikiwa `localhost:8000` na ukurasa wa shambulio `localhost:9000`. Likapita, akahuzunika bure. Namba ya mlango haihesabiwi, kwa hiyo kwa kivinjari hizo ni tovuti moja. Vivyo hivyo `karo.shule.example` na `matangazo.shule.example` ni tovuti moja, na ukurasa wa matangazo ukitekwa, `SameSite` haitasema neno. Ndiyo sababu tokeni inabaki hata kuki ikiwa imefungwa vizuri.

Jaribio la mwisho tulilifanya kutoka jina la tovuti tofauti kabisa, kwenye vivinjari vyote viwili, dakika 20 baada ya mama kuingia. Seva ilijibu `403`. Sikuridhika na jibu hilo, maana nimewahi kuona seva inayosema imekataa huku imekwisha kuandika. Nikamwomba afungue ukurasa wa malipo upya: namba ilikuwa ileile. Kisha nikamwomba aibadilishe mwenyewe kwa fomu halali, nijue kwamba hatukuzuia kila kitu. Akaandika tarakimu polepole, akabonyeza, ikakubali.

"Hii sasa," akasema, "nimeigusa."